Sura ya mama imekonda: rekebisha pikseli za DVD kabla hujaikuza picha

Wiki iliyopita kuna dada alinifuata pale Igoma na flashi mkononi, ndani yake video ya sendofu yake ya mwaka 2009, imeshakuzwa tayari na fundi mmoja wa mjini, akaniambia, "Kaka hebu angalia, huyu sio mama yangu." Nikaifungua. Picha ni kali kweli, nyuzi za kitenge unazihesabu, ila kila mtu mle ndani ni mrefu mwembamba kama kavutwa juu na chini, na mama mwenyewe ambaye dada anasema alikuwa mama wa kifua na mashavu, amekaa pale mezani uso umekuwa wa mviringo wa yai. Mama alishafariki. Wajukuu hawajawahi kumuona, watamjua kwa video hii hii. Kwa hiyo sio suala la urembo wa picha, ni sura ya mtu.

Nikaangalia ukubwa wa lile faili: 1440 kwa 1152. Hapo hapo nikajua kimetokea nini, na wewe ukiijua hesabu hii utajua pia. 1440 gawanya kwa 1152 unapata 1.25. Sasa DVD za kwetu, yaani za mfumo wa PAL tuliotumia huku, karibu zote zimehifadhiwa kwa pikseli 720 kwa 576, na 720 gawanya kwa 576 nayo ni 1.25. Hakuna picha ya video ya nyumbani iliyokusudiwa kuonekana kwa 1.25, maana televisheni ni 4 kwa 3 ambayo ni 1.33, au ni 16 kwa 9 ambayo ni 1.78. Ukikuta video ya zamani imekuzwa na ina 1440x1152 au 2880x2304 na pikseli zake zimeandikwa ni mraba, ujue aliyekuza alichukua 720x576 akazidisha mara mbili au mara nne bila kuuliza pikseli moja ina umbo gani.

Umbo la pikseli ndo kiini cha habari yote. Chukulia ukuta wa vigae. Nikikwambia ukuta una vigae 720 kwenda pembeni na 576 kwenda juu, bado hujajua ukuta una umbo gani mpaka nikwambie kigae kimoja kina umbo gani. Kama kigae ni mraba, ukuta ni 1.25. Kama kigae ni kipana kuliko kimo chake, ukuta unakuwa mpana zaidi japo hesabu ya vigae haijabadilika. Kwenye DVD vigae havijawahi kuwa mraba. DVD ya 4 kwa 3 na DVD ya 16 kwa 9 zina pikseli idadi ile ile, tofauti ni kwamba ile ya pili kila pikseli ni pana sana, na kazi ya deki au programu ni kuipanua wakati wa kuonesha. Kilichohifadhiwa kwenye sidii ni picha iliyobanwa pembeni, pamoja na alama ndogo inayosema "nipanue kiasi hiki".

Asili yake ni ya mwaka 1982, wakati kiwango cha studio kinachoitwa 601 kilipokubaliwa. Walitaka namba moja ya sampuli kwa mstari itumike kwa mfumo wa mistari 625 wa kwetu na ule wa 525 wa Marekani, wakachagua kasi ya megahezi 13.5, ikatoka sampuli 720 kwa kila mstari kote. Hawakujali kama kila sampuli ni mraba, maana televisheni ya wakati ule ilikuwa inachora mstari tu, haikuwa na pikseli. Sisi ndo tumekuja baadae na kompyuta ambayo kila nukta yake ni mraba.

Nikamuomba dada alete sidii yenyewe. Alikuwa nayo bado, imefungwa kwenye kitambaa. Tukaiweka kwenye deki nyumbani kwao na televisheni bapa, picha ikatoka vizuri kabisa, mama ni mama. Dada akasema sasa mbona huku ni sawa? Nikachukua mafaili ya VOB, yale yanayobeba video yenyewe kwenye sidii, nikayaunganisha kuwa faili moja kwenye laptopu, kulicheza, watu wamekonda tena, sio sana kama kwenye flashi ila wamekonda. Sidii ile ile, mashine mbili, majibu mawili, na hapa ndo watu wengi wanapopotea wanaanza kubadilisha programu ya kuchezea.

Sababu ni kwamba alama ya umbo kwenye DVD imeandikwa sehemu mbili. Iko kwenye faili dogo la IFO, ambalo deki hulisoma kwanza ili ijue sidii imepangwaje, na iko tena ndani ya video yenyewe ya MPEG-2, kwenye kichwa cha mkondo. Zikikubaliana hakuna shida. Ila mpiga picha wa enzi hizo aliyekuwa anatengeneza sidii kwa haraka aliweza kutoa video yenye alama ya 4 kwa 3 halafu kwenye kupanga sidii akachagua 16 kwa 9, deki ikafuata IFO ikaonesha sawa, yeye mwenyewe akaangalia akaridhika akampa mteja. Ukiichomoa VOB peke yake umeiacha IFO nyuma, kompyuta inabaki na ile alama ya ndani ambayo ni ya uongo. Nikaiuliza kwa ffprobe, programu ya kusoma taarifa za faili inayokuja pamoja na ffmpeg, ile ya kubadilisha video:

```
ffprobe -v error -select_streams v:0 -show_entries stream=width,height,sample_aspect_ratio,display_aspect_ratio -of default=nw=1 sendofu.vob
```

Ikajibu:

```
width=720
height=576
sample_aspect_ratio=16:15
display_aspect_ratio=4:3
```

`sample_aspect_ratio` ndo umbo la pikseli moja, upana kwa kimo, na `display_aspect_ratio` ni umbo la picha nzima ikishapanuliwa. Faili linasema pikseli ni 16 kwa 15, yaani karibu mraba, picha ni 4 kwa 3. Deki inasema 16 kwa 9. Lazima mmoja anadanganya, na usiamue kwa macho tu, manake jicho likiangalia picha mbaya nusu saa linaizoea. Pima.

Unapima kwa kutafuta duara. Kitu ambacho unajua kwa uhakika ni duara na kamera inakitazama moja kwa moja, sio kwa pembe, manake sahani ikilala mezani inaonekana yai hata kwenye picha yenye umbo sahihi. Kwenye hii sendofu ukumbi ulikuwa na saa kubwa ya ukutani juu ya meza kuu, na kuna sehemu mpiga picha amesimama mwisho kabisa wa ukumbi amezumu hadi saa imejaa, kamera imetulia. Nikatoa fremu ile:

```
ffmpeg -i sendofu.vob -ss 00:20:10 -frames:v 1 saa.png
```

Usitumie picha iliyopigwa kutoka kwenye programu ya kuchezea video, maana huenda imeshapanuliwa na hujui kwa kiasi gani. Hii amri inakupa pikseli zilivyo kwenye sidii, 720 kwa 576. Nikaifungua kwenye programu ya picha nikapima ukingo wa saa, kutoka ukingo wa kushoto hadi wa kulia pikseli 132, kutoka juu hadi chini pikseli 192. Saa ni duara, kwa hiyo upana halisi ni sawa na kimo, maana yake kila pikseli ni pana mara 192 gawanya kwa 132, ambayo ni 1.4545.

Sasa linganisha. Pikseli ya 4 kwa 3 ni kama 1.07 hadi 1.09. Pikseli ya 16 kwa 9 ni kama 1.42 hadi 1.45. Hakuna ubishi, hii ni video ya 16 kwa 9, alama ya ndani imekosewa na deki ndo ilikuwa inasema kweli. Fundi wa kwanza hata hiyo alama ya uongo hakuifuata, alizidisha tu, ndo maana kwenye flashi wamekonda zaidi kuliko kwenye VOB.

Ila umeona nimesema 1.42 hadi 1.45, na hapa inabidi tukae kidogo kwa sababu ndo sehemu ambayo hata watu wazoefu wanagombana. Ukichukua 720x576 nzima ukaipanua iwe 16 kwa 9 unapata 1024x576, na pikseli inakuwa 64 kwa 45, yaani 1.4222. Ndivyo ffmpeg inavyofanya hesabu. Lakini kwa kile kiwango cha 1982 picha yenyewe haijazi pikseli zote 720. Mstari wa PAL una picha kwa mikrosekunde 52 hivi, yaani sehemu 52 za milioni za sekunde, zidisha kwa megahezi 13.5 unapata 702. Zile 18 zilizobaki ni akiba ya pembeni, tisa kushoto tisa kulia, na kwa kazi za kawaida watu huchukua 704 kwa sababu inagawanyika vizuri. Ukisema picha ya 16 kwa 9 imekaa ndani ya 704, basi pikseli ni 16 kwa 11, yaani 1.4545. Ndo ile namba ya saa yetu.

Tofauti ya 1.4222 na 1.4545 ni asilimia 2 na kidogo. Ni ndogo, mtu wa kawaida hataiona, na sitakwambia uache kulala kwa ajili yake. Ila ukishafika hapa kuifanya sawa hakugharimu kitu, na sio kila sidii inafuata 704, kuna vifaa vilijaza 720 zote, kwa hiyo ndo maana unapima badala ya kukariri. Dalili ya kwanza ni kuangalia kingo za fremu: kwenye hii kulikuwa na kamstari keusi ka pikseli kama 8 kila upande kanakokwenda juu hadi chini. Kakiwepo, karibu kila mara ni 704. Dalili ya pili ni duara, ila duara liwe kubwa. Kwenye saa ya pikseli 132, kukosea pikseli moja ni kama asilimia 0.8, bado unazitofautisha hizo namba mbili. Nilijaribu pia tairi la gari lililomleta bibi harusi, limepigwa ubavuni, kimo 128 na upana nikawa sina uhakika ni 88 au 89. Ya kwanza inatoa 1.4545, ya pili 1.438, katikati kabisa ya zile mbili, kwa hiyo tairi peke yake lisingenisaidia kuamua. Duara dogo la pikseli 40 litakwambia tu ni 4 kwa 3 au 16 kwa 9, zaidi ya hapo usilihoji.

Sasa kurekebisha. Unapanua upana, kimo usikiguse. Kuna watu wanafanya kinyume, wanaacha 720 wanashusha kimo hadi 405 ili iwe 16 kwa 9, umbo linakaa sawa ila umetupa mistari 171 kati ya 576, na hiyo mistari ndo mali yenyewe ya DVD, huipati tena kwa kukuza. Panua 704 iwe 1024, mistari yote 576 inabaki.

Kabla ya kupanua kuna interlesi. Video ya PAL ya kamera za mkanda ni fildi 50 kwa sekunde, kila fildi ni nusu ya mistari ya picha, mistari ya witiri wakati mmoja na ya shufwa wakati unaofuata, ukiona mkono unaotembea una meno kama ya kitana ndo hiyo. Kupanua upana peke yake hakuharibu mistari, ila kukuza kimo baadae kutaharibu kabisa, yale meno yatayeyushwa ndani ya picha na hayatatoka milele. Kwa hiyo toa interlesi mwanzo kabisa, halafu kropu, yaani kata kingo, halafu panua, halafu andika kwamba pikseli sasa ni mraba:

```
ffmpeg -i sendofu.vob -vf "bwdif=mode=1,crop=704:576:8:0,scale=1024:576:flags=lanczos,setsar=1" -c:v ffv1 -c:a copy sendofu_sawa.mkv
```

`bwdif=mode=1` inatoa fremu kamili 50 kwa sekunde badala ya 25, mwendo wa watu wanaocheza unabaki laini kama ulivyokuwa kwenye deki. Ukiona picha inaruka mbele na nyuma kama inatetemeka, mpangilio wa fildi umesomwa kinyume, ongeza `:parity=bff` au `:parity=tff` ile ambayo haikutumika. `setsar=1` usiiache, bila hiyo `scale` inabadilisha alama ili lile umbo la zamani la uongo libaki, na ukiicheza picha ambayo umeshaipanua watu wanakonda tena. `ffv1` ni kuhifadhi bila kupoteza, faili litakuwa kubwa, andaa nafasi kwenye hard disk, hili ni faili la kazi tu, ukishamaliza kukuza unalifuta.

Kama sidii yako imejaza 720 zote na duara linatoa 1.42, ondoa tu ile `crop` na mengine yabaki.

Kuna mtu atauliza, kwani siwezi kukuza kwanza halafu nipanue mwisho? Umbo utalipata, ndiyo, hata lile faili la flashi ningeweza kulivuta pembeni watu wakarudi sawa. Nililijaribu mbele ya dada ili aone. Umbo lilirudi, ila angalia ukingo wa shela jeupe dhidi ya ukuta wa bluu: programu ya kukuza iliweka ung'avu wa kunoa kuzunguka ukingo, unene sawa pande zote kwa sababu yenyewe iliamini pikseli ni mraba. Ukivuta pembeni, ule ung'avu wa kingo za wima unanenepa karibu mara moja na nusu na wa kingo za kulala unabaki mwembamba. Shela likawa na mpaka mweupe kushoto na kulia kama limechorwa na chaki, juu hakuna. Na zile programu za kukuza zilizofunzwa kwa picha za nyuso, zimefunzwa kwa nyuso za watu wenye umbo la watu, ukizipa uso uliobanwa zinajaza macho na pua kwa kubahatisha vibaya zaidi, ukipanua baadae unapanua na makosa yake. Kosa la umbo linarekebishika, ila haya yameshaungana na picha hayatoki.

Tahadhari moja kabla hujakimbilia kupanua kila sidii. Zipo za 4 kwa 3 ambazo zina mkanda mweusi juu na chini, picha ya kati ni pana, mtu anaona mkanda anasema hii ni 16 kwa 9 anavuta pembeni, watu wanakuwa kama wamekaliwa. Hiyo duara lake litakupa kama 1.09. Picha pana imechorwa ndani ya mistari 432 tu kati ya 576. Dawa yake ni kukropu mkanda, `crop=704:432:8:72`, halafu `scale=768:432`, na itatoka 16 kwa 9 kamili. Ina mistari michache kwa hiyo usitegemee ukali wa ile nyingine. Na sidii zilizoletwa na ndugu walioko Marekani zina 720x480, kanuni ni ile ile ila namba ni nyingine, pikseli pana ni 40 kwa 33, 704 inakuwa kama 853, tumia 854 ili iwe shufwa.

Tulipomaliza faili la 1024x576 ndo nikalipeleka kwenye kukuza, likaenda mara mbili hadi 2048x1152 halafu likashushwa kuwa 1920x1080. Nikatoa tena fremu ya ile saa kwenye faili la mwisho nikapima. Ilikuwa 192 kwenda juu kwenye sidii, zidisha kwa 1.875 inatakiwa 360. Nilipata 360 juu, 360 pembeni. Dada hakuwa anaangalia saa. Alisogeza video mpaka pale mama anaponyanyuka mezani kwenda kumvisha khanga, akaisimamisha, akamuita mtoto wake mdogo aliyekuwa nje anacheza, akamwambia njoo, bibi huyu hapa.